Ni Kansere ao Hapana?

Ripoti ya patholojia inayorudi Masisi kwa kawaida haizidi ukurasa mmoja, nayo imeandikwa kwa Kifaransa. Juu kuna jina, umri na namba. Katikati kuna maelezo ya kile mwanapatholojia alichokiona, kwanza kwa macho, kisha kwa darubini. Chini kabisa kuna hitimisho la mistari miwili mitatu, na hapo ndipo penye maneno yanayowakosesha watu usingizi. Mgonjwa anayeipokea karatasi hiyo mara nyingi huzungumza Kihunde au Kinyarwanda nyumbani. Akiwa ametoka Walikale, huenda ni Kinyanga au Kikumu. Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na muganga. Hitimisho lile, basi, hutolewa Kifaransa na kuingizwa Kiswahili na muuguzi, halafu mtoto au shemeji hulihamishia lugha ya nyumbani, na kila anayelipokea hulipunguzia au kuliongezea jambo.

Swali la mgonjwa mwenyewe ni fupi: “Muganga, ni kansere ao hapana?” Huko Kivu neno ni kansere. Saratani wanaijua wale waliosoma vitabu vya Tanzania au wanaosikiliza redio za ng’ambo, na muuguzi anayeanza na neno hilo kwa sababu tu ni fasaha zaidi huwa amempa mgonjwa fumbo la kwanza kabla hata hajaijibu hofu yake.

Tatizo ni kwamba karatasi haijibu swali moja. Inajibu maswali kadhaa yasiyofanana: uvimbe huu ni wa aina gani, umetoka wote au umebaki, na seli zake zina tabia gani. Anayefasiri akiyabana yote katika “nzuri” na “mbaya”, mgonjwa huondoka na jibu moja la uongo badala ya majibu matatu ya kweli.

Neno la kwanza ni lile ambalo Wafaransa huliita benini, na mwenzake malinye. Tafsiri inayokuja upesi mdomoni ni “uvimbe mzuri” na “uvimbe mbaya”. Ya kwanza ina kasoro inayoonekana mara moja: hakuna uvimbe mzuri, na mama aliyeambiwa wake ni mzuri ana haki ya kuuliza kwa nini basi ulikatwa. Wengine huchagua “uvimbe mwovu” kwa malinye, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Katika Kifaransa cha kanisani neno hilohilo ni jina la shetani, na katika Kiswahili cha sala “mwovu” ni yeye yuleyule. Mgonjwa anayeambiwa ana kitu kiovu tumboni au kifuani anaweza kuelewa kwamba ametupiwa, na safari yake inayofuata ikawa kwenye chumba cha maombi au kwa mtu wa dawa za kienyeji, huku wiki za matibabu zikipita.

Kusema waziwazi ni bora kuliko yote hayo. Benini ni uvimbe usio kansere: hukua mahali ulipo na hauhamii kwenye ini, mapafu wala mifupa. Malinye ni kansere: seli zake zinaweza kuingia katika nyama za jirani na kusafiri hadi sehemu nyingine za mwili. Sentensi hizo mbili zinatosha kuanzia, na hazimwambii mgonjwa kwamba yuko salama au kwamba atakufa.

Kwa nini zisimwambie hivyo? Uvimbe wa taya unaonyesha vizuri.

Kuna uvimbe unaoitwa ameloblastoma, unaotokana na seli za jamii ile inayounda meno. Huwapata hasa watu wazima, mara nyingi katika taya la chini, na hukua polepole kwa miaka hadi uso unapinda na meno yanalegea. Ripoti itasema benini, na ni kweli, kwa maana ni nadra sana kuhamia kwingine. Lakini unakula mfupa. Daktari akiukwangua tu ndani ya taya, mara nyingi hurudi, kwa sababu seli zake zimejipenyeza katika mfupa unaoonekana mzima. Ndiyo maana madaktari wengi huukata pamoja na mfupa wa pembeni, sentimita 1 hadi 2 kupita mahali uvimbe unapoonekana kuishia, na wakati mwingine nusu ya taya huondoka. Mtu aliyeambiwa “uvimbe wako ni mzuri” hawezi kuelewa kwa nini anakatwa taya, na wengine hukataa.

Sasa mwangalie mtoto wa miaka 6 kutoka bonde la Walikale aliyevimba taya. Uvimbe umetokea ndani ya wiki chache tu. Huenda ni limfoma ya Burkitt, inayobeba jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeanza kuwaona watoto wenye taya za namna hiyo mwaka 1957. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine ni wapi ugonjwa huo unaonekana. Waligundua kwamba karibu na ikweta haupatikani kwa kawaida juu ya mita 1500 hivi, yaani unafuata nchi za joto na malaria. Kwa daktari wa Kivu ya Kaskazini hilo lina maana hadi leo: mtoto wa msitu wa Walikale yuko zaidi katika aina ya nchi ambayo Burkitt aliichora kwenye ramani yake, kuliko mtoto wa malisho ya juu ya Masisi. Limfoma hii ni kansere, na ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kuliko zote. Wingi wa seli zake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo taya la mtoto huyo halihitaji kukatwa. Ni ugonjwa wa dawa za mishipa, na ukiwahiwa, watoto wengi hupona.

Taya mbili, basi: moja “nzuri” inayokatwa, nyingine “mbaya” inayoyeyuka kwa dawa. Muuguzi aliyeziona zote mbili wodini hawezi tena kuridhika na maneno yale. Atasema kansere au si kansere, kisha mara moja aongeze kile ambacho uvimbe huu, kwa jina lake, hufanya usipotibiwa, na kile kinachoweza kuuondoa.

Kuna sentensi nyingine ya ripoti ambayo hufasiriwa vibaya kwa nia njema. Mwanapatholojia akiandika kwamba hakuona dalili za kansere katika kipande alichopelekewa, anazungumzia kipande hicho tu. Sindano inaweza kupita kando ya uvimbe na kuchukua mafuta. “Katika kinyama hiki hawakuona kansere” ni tafsiri. “Huna kansere” ni ahadi ambayo maabara haikuitoa, hasa ikiwa uvimbe wenyewe bado ni mgumu, umeshikamana na ngozi na unaendelea kukua.

Maneno mengine mawili, kingo na gradi, yanaeleweka vizuri yakiwa ndani ya ripoti kamili. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya sura hii na mgonjwa wake hayupo, lakini kila mstari wake ni wa aina ambayo wanapatholojia huandika kila siku. Ni mama wa miaka 47 kutoka milima ya Masisi. Alikuwa na kivimbe katika titi la kushoto. Mpasuaji alidhani ni fibroadenoma, uvimbe usio kansere ambao ni wa kawaida kwa wasichana, akautoa peke yake. Kipande kilipelekwa Goma. Ripoti ikarudi hivi, ikiondolewa Kifaransa chake: kipande cha sentimita 6 kwa 5 kwa 3, ndani yake uvimbe wa milimita 24, kansere vamizi ya titi, ya aina isiyo maalumu, alama za seli 3, 2 na 1, jumla 6, gradi 2, kingo zote ziko huru isipokuwa wa chini, ambako wino unagusa seli za uvimbe, tezi za kwapani hazikutumwa.

Wino huo ni wino kweli. Kabla ya kukikata kipande, mtu wa maabara hukipaka rangi upande wote wa nje. Kisha hukikata vipande vyembamba, huvitia katika nta ya parafini, na kutoka kwenye nta hutoa utando wa maikroni 3 hadi 5, ambao hupakwa dawa za rangi na kuwekwa chini ya darubini. Mstari wa wino unaoonekana pale ndio mpaka ambao kisu cha mpasuaji kilipita. Kama kati ya seli za kansere na wino kuna nyama ya kawaida, ukingo uko huru. Kama seli zinagusa wino, kisu kilipita ndani ya kansere, na huenda nyingine imebaki mwilini. Kwa kansere vamizi ya titi inayotolewa bila kuondoa titi lote, vyama vya wataalamu wa Marekani vilikubaliana mwaka 2014 kwamba kipimo cha kutosha ni hicho: seli zisiguse wino.

Hapa mfasiri hukutana na mtego. Ripoti nyingi huita kingo zenye kansere “pozitifu” na zisizo nayo “negatifu”. Mtu wa Kivu amelijua neno pozitifu kutokana na kipimo cha virusi vya ukimwi, na mama anayesikia kwamba ukingo wake wa chini ni pozitifu anaweza kurudi nyumbani akiamini ameambukizwa. “Chanya” nalo ni baya kwa sababu ya kinyume chake: linasikika kama habari njema. Maneno hayo yaachwe kwenye karatasi. Kwa mgonjwa inatosha kusema: ukingo umegusa, au ukingo haujagusa.

Muuguzi mwenye kuijua Masisi ana mfano ulio tayari, maana hapa kila mtu amemenya viazi. Ukikuta doa lililooza, hulikati palepale penye doa. Unalizungushia kisu hadi uone nyeupe pande zote. Daktari wa maabara ametazama kama kuna nyeupe pande zote. Juu ipo, nje ipo, ndani ipo. Chini haipo.

Lakini “chini” maabara imeijuaje? Kipande kikishatoka mwilini hakina juu wala chini. Mpasuaji mwangalifu hufunga nyuzi mbili kabla ya kukiacha: mara nyingi uzi mfupi upande wa juu na uzi mrefu upande wa nje, wa kwapani, kisha huandika hivyo kwenye fomu. Bila nyuzi, ripoti ingesema tu kwamba ukingo mmoja umegusa, pasipo kujulikana ni upi. Kama kipande kingefika kimekatwa vipandevipande, ingesema kingo haziwezi kupimwa, na sentensi hiyo isifasiriwe kuwa kingo ni safi. Maana yake ni kwamba swali limebaki wazi.

Gradi ndiyo inayoleta fujo kubwa kuliko yote. Katika nchi yenye majeshi na makundi mengi kama Kivu ya Kaskazini, gradi ni cheo cha askari, na kupanda gradi ni kufanikiwa. Ukisema “daraja”, jambo ni lilelile: kupanda daraja ni heri. Mgonjwa aliyeambiwa ana gradi ya tatu anaweza kushukuru. Wengine huifasiri kuwa “kiwango cha ugonjwa” au “hatua”, na hilo linapotosha zaidi, kwa sababu hatua ni jambo jingine: inasema kansere imefika wapi mwilini. Gradi haijui kansere imefika wapi. Inasema seli zinafananaje chini ya darubini.

Kwa titi hesabu yake ni ya vitu vitatu, na kila kimoja hupewa alama 1 hadi 3. Cha kwanza ni kama seli bado zinajipanga kuwa vijia, kama zilivyo katika titi zima. Cha pili ni viini vya seli: vinalingana au vimevurugika ukubwa na sura. Cha tatu ni seli ngapi zilionekana zikigawanyika. Jumla ikiwa 3 hadi 5 ni gradi 1, 6 na 7 ni gradi 2, 8 na 9 ni gradi 3. Mfumo huu ulitoka kwa Bloom na Richardson mwaka 1957, na Elston na Ellis wa Nottingham wakaurekebisha mwaka 1991. Mama wa mfano wetu alipata 3 kwa vijia, maana karibu havionekani. 2 kwa viini. Na 1 kwa kugawanyika. Kwa mdomo wa muuguzi hesabu hiyo yote inakuwa sentensi moja: “Mama, ile kansere haiendi polepole sana, na si ile ya mbio kuliko zote, iko katikati.” Namba si lazima itajwe. Ikitajwa, itajwe kuwa ni ya mwendo.

Ile alama 1 ya kugawanyika inastahili kutazamwa kwa jicho kali, na hapa inabidi kurudi kwenye chumba cha upasuaji. Kinyama kinapotoka mwilini hakifi papo hapo. Kikikaa mezani kwa saa kadhaa, seli zake huanza kuharibika, na zile zilizokuwa zikigawanyika ni ngumu zaidi kuzitambua baadaye. Mwanapatholojia huhesabu chache kuliko zilizokuwapo. Dawa ya hilo ni formalini, ndani ya saa moja ikiwezekana, kwa ujazo wa mara 10 ya kipande, katika chombo chenye mdomo mpana. Mdomo mpana si pambo: nyama huingia laini katika chupa nyembamba na kutoka ikiwa ngumu, na anayeipokea hulazimika kuivunja, kingo zake zikapotea. Pale ambapo formalini imekwisha, kipande hutiwa katika maji au seramu, na kinafika Goma kimeoza.

Fomu ya mama huyu ilionyesha kwamba kipande kilitolewa asubuhi na kutiwa formalini jioni. Kama alama ya kugawanyika ilipaswa kuwa 2, jumla ni 7 na gradi haibadiliki. Kama ilipaswa kuwa 3, jumla ni 8, na gradi inakuwa 3. Ndiyo sababu daktari anayejua kazi yake hapangi matibabu kwa gradi peke yake, na muuguzi hasemi “iko katikati” kana kwamba ni hukumu. Kutoka Masisi hadi Goma ni karibu kilomita 80 kupitia Sake, na vita au matope vinaweza kukigeuza kipande hicho kuwa msafiri wa wiki nzima. Kikiwa ndani ya formalini ya kutosha, sura ya seli bado itasomeka. Kinachodhoofika ni kipimo cha vipokezi vya homoni, ambacho hutaka kipande kikae humo kati ya saa 6 na 72.

Mstari wa mwisho wa ripoti, kuhusu tezi, ni mfupi na watu huupita. Kuandika kwamba tezi hazikutumwa si kuandika kwamba tezi ni safi. Milimita 24 inasema uvimbe ulikuwa umepita sentimita 2, lakini kama seli zimekwisha kufika kwapani, karatasi hii haijui, kwa hiyo hatua ya ugonjwa haijajulikana. Mama akiuliza “nitaishi miaka ngapi?”, jibu la kweli ni kwamba karatasi hiyo haikuandikwa kujibu hilo, na kwamba sehemu ya jibu iko katika tezi ambazo bado hazijatazamwa.

Katika mfano wetu muuguzi anamketisha mama pamoja na mwanawe mkubwa na kueleza kwa mpangilio huu: ni kansere, imetoka sehemu kubwa lakini upande wa chini haukuisha, mwendo wake ni wa katikati, kwapani hatujaona bado, kwa hiyo daktari anashauri arudi kupasuliwa. Kisha anaomba mwana amweleze mama kwa Kihunde, na baadaye amrudishie yeye kwa Kiswahili kile alichosema. Mwana anarudisha: mama ana kansere mbili, moja imetolewa, nyingine iko chini. “Mbili” ameitoa kwenye gradi, aliyoiona kwenye karatasi. Kosa hilo lisingegunduliwa kama asingeulizwa. Lingefika nyumbani, na kule lingekuwa ukweli. Muuguzi anakanusha: kansere ni moja, na iliyobaki ni mabaki yake.

Anaandika maneno matano katika kitabu cha matibabu, kwa Kiswahili, chini ya Kifaransa cha daktari: kansere, chini imegusa, kwapani bado. Gradi haiandiki. Kwa kuwa tiba ya mionzi haipatikani karibu na Masisi, mpasuaji hawezi kukata ukingo wa chini tu na kutegemea miali imalize kilichobaki. Anapendekeza kuondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Safari hii fomu inajazwa kabla ya mgonjwa kuingia chumbani, nyuzi mbili ziko tayari mezani, na ndoo ya plastiki yenye kifuniko imewekewa formalini tangu asubuhi.